Natafuta kazi kwa siri na bado niko kazini, Tanga. Usaili ni Dar Jumatano, natokaje?

KipandaBaiskeli (Jumapili, saa 3 usiku)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mnivumilie.

Niko Tanga mjini, msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni binafsi ya kutoa mizigo bandarini. Jina la kampuni msiniulize. Mji huu ukipiga chafya Ngamiani, mtu wa Raskazone anakuambia pole. Mshahara wa msingi ni 650,000, tunafanya kazi siku sita kwa wiki, mkataba ni wa kudumu. Nyongeza hakuna, na bosi alishatuambia kwenye kikao kwamba asiyeridhika mlango haujafungwa. Basi nami nikaanza kuutafuta mlango kimyakimya.

Sasa kampuni moja ya Dar imeniita usaili wa ana kwa ana Jumatano hii saa 3 asubuhi. Mshahara waliotaja ni 900,000. Nina mambo mawili.

La kwanza ni kutoka. Nimebakiwa na siku 14 za likizo ya mwaka. Mpango wangu ulikuwa hivi: naomba likizo yote, naenda kwenye usaili, na nikipata kazi naandika barua ya kuacha nikiwa hukohuko likizoni. Likizo inakula notisi, ikiisha tayari niko Dar nimeshaanza. Kuna ubaya?

La pili ni fomu yao. Wanataka wadhamini watatu, na mmoja lazima awe msimamizi wangu wa sasa. Wakimpigia bosi leo, kesho sina meza.

Halafu kuna hili ambalo sijui hata niliiteje. Aliyeniingiza kazini ndiye tunayekaa naye meza moja, tunakula sahani moja mchana. Namba ya dada wa ile kampuni ya Dar aliyeniita usaili nimeiandika kwenye simu "Fundi Friji". Ikiita natoka hadi nyuma kwenye matangi ya maji. Juzi jamaa ananiuliza kwa huruma kabisa, "Vipi, friji bado haijapona? Nikuunganishe na fundi wangu wa Makorora?" Nilicheka, lakini chakula hakikupita.

---

MtuWaSegera (Jumapili, saa 3 na nusu usiku)

Unajitesa bure. Sheria ni saa 24. Unaandika barua, unamwachia mwajiri mshahara wa mwezi mmoja, unachukua begi. Nimefanya hivyo na nipo hai. Jumatano asubuhi piga simu, sema umefiwa Lushoto. Nani atakuuliza maswali kwenye msiba?

---

Kobe wa Amboni (Jumapili, saa 4 usiku)

Msiba? Tanga hii hii?

Kuna jamaa ofisini kwetu alisema amefiwa na mama yake mdogo huko Lushoto. Saa 6 mchana karatasi ya rambirambi imeshazunguka, gari la ofisi limetiwa mafuta, akina mama wameshajifunga kanga wanauliza ni kijiji gani na maziko saa ngapi. Jamaa yuko Dar kwenye usaili, simu kazima. Ikabidi baadaye aseme walimzika mapema kwa sababu ya mvua. Rambirambi akakabidhiwa, atafanyaje? Akapokea.

Msimu wa matunda ulipofika, marehemu akashuka mjini na gunia la mapeasi, akaja kumuulizia mwanawe getini. Mlinzi ndiye aliyempokea, na mlinzi alikuwa amechangia.

Hapo ukisema umefiwa hupewi ruhusa tu, unaletewa watu.

---

Bi_Utumishi (Jumapili, saa 4 na robo usiku)

Mwanangu KipandaBaiskeli, nimekaa kwenye ofisi za utumishi muda mrefu, sasa nimestaafu. Nikujibu polepole, maana mpango wako una tundu ambalo hujaliona.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 41, inasema kwa anayelipwa kwa mwezi notisi isipungue siku 28. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo usome mkataba wako usiku huu. Kifungu hichohicho kinasema notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Likizo haili notisi. Ukiandika barua uko likizoni, mwajiri ana haki ya kukuambia siku 28 zinaanza utakaporudi mezani. Wewe utakuwa umeshawaahidi Dar tarehe, na hapo ndipo watu wanapojikuta wana waajiri wawili wanaowadai siku zilezile.

Kwa hiyo siku zako 14 usizimalize. Ukiondoka, siku ambazo hujachukua zinalipwa, ni sehemu ya mafao yako ya mwisho. Tumia mbili tu.

Sasa hesabu ya safari. Tanga hadi Dar kwa kupitia Segera na Chalinze ni kama kilomita 350. Basi linakula saa tano hadi sita, halafu linakushusha Mbezi, bado una foleni ya kuingia mjini. Usaili wa saa 3 asubuhi huwezi kuuwahi kwa kuondoka Kange siku hiyohiyo. Inabidi uondoke Jumanne, na ruhusa ya Jumanne utaiomba Jumatatu. Hiyo peke yake inanukia. Bosi ana mamlaka ya kupanga likizo iangukie lini, kwa hiyo ombi la ghafla anaweza kulikataa bila kuvunja chochote.

Anzia Dar, siyo kwa bosi. Kesho saa 2 asubuhi, kabla hujaingia ofisini, mwandikie yule dada: bado uko kazini, unafunga hesabu za wiki, unaomba usaili usogezwe Ijumaa alasiri au wiki ijayo. Maneno mawili matatu, bila kuomba radhi kupita kiasi. Anayeajiri watu walio kazini amezoea ombi hilo. Akikujibu kwa ukali kwamba ni Jumatano au basi, amekuonyesha namna atakavyokujibu mwanao akilazwa.

Wakikubali Ijumaa, omba likizo ya Ijumaa na Jumamosi. Sababu andika "shughuli binafsi", ukomee hapo. Ukianza kueleza shughuli yenyewe utalazimika kuikumbuka miezi miwili ijayo.

Na usiseme unaumwa. Likizo ya ugonjwa ipo, lakini mwajiri anaweza kudai cheti cha daktari. Ukienda kutafuta cheti cha kununua, umetoka kwenye kutafuta kazi umeingia kwenye kughushi, na kwa hilo anakufukuza kihalali.

---

Mwalimu wa Pwani (Jumapili, saa 5 usiku)

Ndugu mleta uzi, mbona hujasema kama barua yako ya maombi imepitia kwa mwajiri? Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi, mtumishi wa umma apitishe barua kwa mwajiri wake. Bila hivyo unaweza kukwama mbele ya safari.

Mimi niko sekondari ya serikali huku Pangani. Niliomba nafasi taasisi nyingine kupitia Ajira Portal, nikajisemea nikifika mbele nitaomba ruhusa. Majina ya walioitwa kwenye usaili yakawekwa kwenye tovuti kama kawaida yao. Kabla sijayaona mimi, mkuu wangu wa shule alishatupia lile faili kwenye kundi la Wasapu la walimu, jina langu kalizungushia duara jekundu, na chini kaandika "Hongera mwalimu". Hakuna aliyeniuliza kitu. Muhula uliofuata nikapewa zamu ya bweni wikiendi zote.

Sasa niambieni, ile ni hongera au adhabu?

---

Kobe wa Amboni (Jumapili, saa 5 usiku)

Mwalimu, pole, ila mwenzetu yuko kampuni binafsi anakwenda kampuni binafsi. Huko hakuna barua ya kupitisha kwa mtu. Yako ni kesi nyingine kabisa, ifungulie uzi, watu wengi yanawakuta.

---

Tajiri Mdogo (Jumatatu, saa 1 asubuhi)

Nawasoma toka jana nacheka. Mimi nipo upande wa pili, nina duka la vipuri na vijana kadhaa niliowaajiri. Mnadhani hatujui?

Anayetafuta kazi najua kabla hajaitwa usaili. Mtu ambaye hajawahi kuulizia NSSF yake anaanza kutaka kujua michango imefika mwezi gani. Anaomba hati za mshahara za miezi mitatu na hana mkopo anaoshughulikia. Anauliza "hivi nimebakiwa na siku ngapi za likizo?" mwezi ambao hakuna anayewaza likizo. Cheti cha kidato cha nne kinasahaulika kwenye mashine ya fotokopi. Kijana wangu mmoja alipeleka vyeti kwa wakili avigonge muhuri, kumbe ndiye wakili anayeniandikia mikataba. Wakili hakuniambia kitu, nampa heshima yake, lakini kijana alikutana nami mlangoni kwake na bahasha mkononi.

Halafu steshenari. Mnakwenda kuchapa wasifu wenu mtaa wa pili kutoka ofisini, faili mnaliacha kwenye kompyuta ya dukani. Nikienda kuchapa ankara naona majina yenu yamejipanga kwenye skrini.

Nikishajua simfukuzi mtu. Kutafuta kazi si kosa, na nikimwachisha kwa sababu hiyo ananipeleka CMA, kule kwenye tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi. Lakini funguo za stoo zinahamia kwa mwingine. Safari ya kufuata mzigo Dar haendi yeye tena. Nikipata nafasi ya mafunzo simpeleki, nitamsomeshea nani? Mwenyewe ataona kazi imepungua atafurahi, hajui kwamba kwangu ameshaondoka.

---

KipandaBaiskeli (Jumatatu, saa 2 asubuhi)

Tajiri Mdogo umenitoa jasho. Hati za mshahara niliziomba wiki iliyopita, Dar walizitaka.

Bi_Utumishi, nimesoma mkataba, notisi ni siku 28 na hakuna la zaidi. Ujumbe nimeshautuma. Shikamoo mama.

---

Bi_Utumishi (Jumatatu, saa 4 asubuhi)

Marahaba mwanangu. Hati za mshahara zisikutishe, watu wanaziomba kwa ajili ya benki kila siku. Ila ukiulizwa ni za nini, usibuni mkopo. Sema ni kumbukumbu zako.

Sasa wadhamini. Mdhamini mzuri kuliko wote ni mtu aliyewahi kukusimamia hapohapo na akahama. Anaijua kazi yako na hana bosi wa kumlinda. Wa pili awe mwalimu wako wa chuo au aliyekusimamia kwenye mafunzo kwa vitendo. Usimweke mteja wa bandarini hata kama mnapendana. Mteja huyo akija kulipa ankara atamwambia bosi wako, tena kwa nia njema, "Kijana wako nimemsifia sana huko Dar."

Kwenye nafasi ya msimamizi wa sasa andika jina lake na cheo, mahali pa simu andika: "Aulizwe baada ya barua ya ajira kutolewa." Hilo si uhuni, ni jambo la kawaida.

Kuna fundo moja ujue mapema. Kampuni nyingi zitakupa barua ya ajira yenye sharti, kwamba ajira itathibitika wakiridhika na taarifa za wadhamini. Ukiacha kazi kwa barua ya namna hiyo, unaruka kabla hujajua maji yana kina gani. Usipoacha, sharti haliondoki mpaka bosi apigiwe. Nilichokuwa nawashauri watu ni kupanga vyote viwe siku moja. Asubuhi unaingia kwa bosi mwenyewe, unamwambia kwa mdomo wako. Mchana Dar wanampigia. Jioni Dar wanakuthibitishia kwa maandishi, ndipo barua yako ya kuacha inaingia. Bosi akisikia kwako kwanza anaweza kukasirika, lakini hasikii kwa mgeni.

---

Tajiri Mdogo (Jumatatu, saa 5 asubuhi)

Hapo mama nakupinga. Mtu akija kwangu asubuhi ananiambia anaondoka, mchana nikapigiwa simu niko kwenye hasira, unadhani nitasema nini? Na ukweli mimi mtu mzuri sitamsifia sana, nataka abaki. Mbovu ndiye nitamsifia.

---

Bi_Utumishi (Jumatatu, saa 5 asubuhi)

Ndiyo maana nikasema wadhamini wengine wawili wawe imara. Bosi akisema vibaya na wawili wakasema vizuri, msaili mwenye akili anajua anayelia ni nani. Ila sikatai, wapo niliowaona wamepoteza kazi kwa simu ya namna hiyo. Dawa yake kamili siijui.

---

MtuWaSegera (Jumatatu, saa 7 mchana)

Mnamzungusha kijana. Narudia, mshahara wa mwezi mmoja, saa 24, kwisha habari.

---

Mama Wawili (Jumatatu, saa 2 usiku)

Nisemee upande wa nyumbani, maana wanaume mkianza mambo ya sheria mnasahau kuna watu mnaishi nao.

Mume wangu alitafuta kazi kwa siri karibu mwaka mzima, tuko hapa Chumbageni. Mimi nilijua, watoto hawakujua, mama mkwe hakujua kwa sababu ana shoga yake ambaye mwanawe yuko ofisi hiyohiyo. Usaili wenyewe haukunichosha. Kilichonichosha ni kwamba kila mtu akawa na toleo lake la habari, na mimi ndiye niliyebeba yote. Mwenzake wa kazini akija kutembea, mtoto anasema "Baba jana alivaa tai," nami nakimbilia jikoni kuleta chai.

Na yeye akawa mtu mwingine. Kazini anajitahidi mara mbili wasimshuku, akirudi amechoka, usiku anafungua kompyuta kuandika maombi. Wakimkataa hawezi kumlalamikia yeyote, kwa kuwa hakuna anayejua kwamba aliomba. Pale ndipo nilipoona siri inamla. Mtu aliyefiwa anapewa pole. Aliyekosa kazi ya siri anaamka asubuhi anakwenda kuchekea utani wa ofisini kama kawaida.

Tulichofanya tukapanga usiku wa Jumanne na Alhamisi peke yake ndio wa kutuma maombi. Siku nyingine hairuhusiwi hata kulitaja. Na alipata mtu mmoja nje ya ofisi wa kumweleza kila kitu, kaka yake wa Korogwe, ili asiwe ananimwagia mimi tu. KipandaBaiskeli, mkeo anajua?

---

KipandaBaiskeli (Jumatatu, saa 3 usiku)

Anajua, lakini sikuwa nimewaza kwamba naye anabeba. Nimemsomea ujumbe wako akanyamaza, halafu akasema "muulize huyo dada kama mumewe alipata." Alipata?

Dar wamekubali Ijumaa saa 9 alasiri. Ombi la likizo ya Ijumaa na Jumamosi bosi kasaini bila kunyanyua uso.

---

Mama Wawili (Jumatatu, saa 3 usiku)

Alipata, Arusha. Sasa tunaishi mbalimbali, hiyo ni mada nyingine.

---

KipandaBaiskeli (Alhamisi, baada ya kimya kirefu, saa 12 jioni)

Wakuu nimerudi. Usaili ulikwenda, na leo tarehe 12 barua ya ajira imefika kwenye barua pepe. Mshahara ni 900,000 kama walivyosema, majaribio miezi sita, na sharti la wadhamini lipo kama Bi_Utumishi alivyotabiri. Tatizo ni tarehe ya kuanza, wameandika tarehe 1 mwezi ujao. Nikitoa notisi kesho tarehe 13, siku 28 zinanipeleka tarehe 11. Nimepungukiwa siku kumi na ushee. MtuWaSegera, ile njia yako inanigharimu kiasi gani hasa?

---

MtuWaSegera (Alhamisi, saa 1 usiku)

Nilikuambia. Mwezi mmoja, 650,000, unawaachia.

---

Bi_Utumishi (Alhamisi, saa 2 usiku)

MtuWaSegera ana ukweli nusu, nimtendee haki. Kifungu kilekile kinamruhusu mwajiri akulipe badala ya kukufanyisha kazi muda wa notisi. Kwa upande wako, ukikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kukata kwenye stahili zako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Saa 24 hazimo mle. Watu wa sekta binafsi wanazitumia kwa mazoea, na waajiri wengi wanakubali, lakini ukifanya bila makubaliano umevunja mkataba hata kama umeacha pesa.

Hesabu ni hii. Kupata mshahara wa wiki, sheria inagawa wa mwezi kwa 4.333. 650,000 inakuwa karibu 150,000 kwa wiki. Mnafanya kazi siku sita, kwa hiyo siku moja ni kama 25,000. Ukiondoka kesho bila kufanya notisi yoyote, wiki nne ni kama 600,000. Ukifanya kazi hadi mwisho wa mwezi huu na kuacha zile siku za mwezi ujao tu, ukitoa Jumapili ni siku tisa au kumi, yaani laki mbili na kitu. Hizo siku zako za likizo zilizobaki zinaweza kulipia sehemu.

Lakini usianze na pesa. Usiku huu waandikie Dar uombe kuanza Jumatatu ya kwanza baada ya tarehe 11. Kampuni inayotaka mhasibu ingependa kuona anayekabidhi hesabu vizuri alikotoka. Wakikataa, nenda kwa bosi uombe akuachie mapema, akikubali akuandikie na asaini. Makubaliano ya mdomo kwenye jambo hili hayana kichwa.

Na usisahau hayo majaribio. Ulinzi wa sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki hauwagusi wenye chini ya miezi sita kazini. Hapo ulipo unao, kule utaanza huna. Sisemi usiende. Nasema usiuze pikipiki, usivunje nyumba ya hapa mwezi wa kwanza.

---

Tajiri Mdogo (Alhamisi, saa 2 na nusu usiku)

Na jiandae kuambiwa uondoke palepale. Wapo wakishika barua ya kuacha wanadai funguo na kompyuta dakika hiyohiyo. Akifanya hivyo ni yeye anakulipa notisi, kwako heri. Ila picha za harusi na vyeti vyako vilivyo kwenye kompyuta ya ofisi vitoe leo. Vya kampuni usiguse hata kimoja, maana hapo ndipo tunapowakamata.

---

KipandaBaiskeli (Alhamisi, saa 3 usiku)

Dar nimewaandikia. Dada amejibu kwa simu kwamba ataongea na mkuu wake, kesho mchana nitajua. Kwa hiyo barua ya kuacha naisogeza Jumatatu, nimpe bosi habari baada ya Dar kuniambia lini watampigia.

Lililobaki ni jamaa wa meza yangu. Nimwambie kabla ya bosi au baada? Yeye ndiye aliyeniombea kazi hii.

---

Mama Wawili (Alhamisi, saa 3 usiku)

Kabla. Akisikia kwenye korido hatakusamehe.

---

Bi_Utumishi (Alhamisi, saa 3 na robo usiku)

Baada, lakini dakika ileile unayotoka kwa bosi. Ukimwambia kabla unamtwisha siri, na bosi akimuuliza "ulijua?" atalazimika kusema uongo kwa ajili yako. Yeye ndiye anayebaki pale, siyo wewe.

---

Mama Wawili (Alhamisi, saa 3 na robo usiku)

Dada, watu wanaokula sahani moja hawaendi kwa utaratibu wa ofisi. Mwambie Jumapili, mfuate kwake, siyo kazini.

---

KipandaBaiskeli (Alhamisi, saa 3 na nusu usiku)

Bado sijaamua. Mke wangu yuko na Mama Wawili, mimi nipo na Bi_Utumishi.

---

Bi_Utumishi (Alhamisi, saa 4 usiku)

Hilo mtalimaliza wenyewe nyumbani. Barua ya kuacha iwe fupi: tarehe, kwamba unaacha kazi, kwamba unatoa notisi ya siku 28, na siku ya mwisho ni lini. Sababu weka mstari mmoja, kwamba umepata nafasi nyingine. Malalamiko ya nyongeza ya mshahara usiyaingize. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Na kabla ya siku ya mwisho omba cheti cha utumishi, ni haki yako kupewa. Wengi hawaombi, halafu miaka mitatu baadaye wanarudi kumwomba mtu ambaye hata haikumbuki sura yao.

---

Chungwa la Muheza (Alhamisi, saa 5 usiku)

Samahani wakuu, nimechelewa. Mleta uzi, hiyo nafasi unayoiacha ni kampuni gani? Nina diploma ya uhasibu, niko tayari kuanza hata kesho.

---

Bi_Utumishi (Alhamisi, saa 5 usiku)

KipandaBaiskeli usimjibu hapa.